UZI: Kikumbusho cha siku ya mshahara kinachogawa pesa kwenye bahasha siku hiyohiyo (kodi, chakula, ada, akiba)

Daftari_la_Ilemi (Mbeya)

Wakuu, habari za huku kwenye baridi. Kwenye ule uzi wa mikopo ya mishahara watu wengi waliuliza namna ya kutengeneza kikumbusho ambacho mshahara ukiingia kinakuambia papo hapo: hiki kodi, hiki chakula, hiki ada, hiki akiba. Naweka hapa jinsi kinavyotengenezwa na mahali kinapoharibikia.

Kugawa ni kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye kujua leo kila bahasha inadai kiasi gani, na hapo ndipo wengi wanakosea. Mtu ana vyumba viwili vya 60,000 kwa mwezi, basi anaandika "kodi 60,000" na kuona amemaliza. Lakini mwenye nyumba hapokei kwa mwezi, anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000 tarehe 1 Desemba. Kama unaanza kugawa na mshahara wa Septemba, iliyobaki ni mishahara mitatu tu kabla ya tarehe hiyo: Septemba, Oktoba na Novemba. Ukiweka 60,000 mara tatu utakuwa na 180,000, nusu ya deni, halafu utasema bahasha hazifanyi kazi.

Kwa hiyo chukua kinachotakiwa, toa kilichopo tayari, kisha gawanya kwa idadi ya mishahara iliyobaki kabla ya siku ya kulipa. Unahesabu mishahara, huhesabu miezi. Hapo kodi inakuwa 120,000 kwa mara tatu. Ukishalipa Desemba, kodi inayofuata ni 1 Juni na una mishahara sita mbele yako (Desemba hadi Mei), ndipo inashuka kuwa 60,000.

Ada nayo ni hivyohivyo. Tuseme shule binafsi inataka 450,000 kila muhula, Januari na Julai, siku ya mwisho tarehe 10. Kuanzia Septemba kuna mishahara minne kabla ya 10 Januari, kwa hiyo ni 112,500 kila mmoja. Kuanzia mshahara wa Januari unajenga ada ya Julai kwa mishahara sita, 75,000 kila mmoja. Wenye watoto shule za serikali msiruke bahasha hii. Ada hakuna, ila sare, madaftari na mchango wa chakula vinakuja Januari hiyohiyo, tena vyote kwa wiki moja.

Chakula ndicho pekee kinachohesabiwa kwa siku. Nitarudi kwenye hilo maana ndiko Januari inakotuua.

Tuchukue mtu anayepokea mkononi 620,000 baada ya makato yote, mshahara umeingia 24 Septemba na unaofuata unategemewa 24 Oktoba. Hapo katikati kuna siku 30. Chakula cha familia ni 6,500 kwa siku, jumla 195,000. Kodi 120,000, ada 112,500, akiba 40,000. Jumla 467,500. Zinabaki 152,500 za mengine yote. Miezi hii ya mwanzo inabana, lazima ujue hivyo kabla ya kuanza, la sivyo utakata tamaa Oktoba.

---

Kihesa_Juu (Iringa)

Kamwene mkuu. Uzi mzuri ila umezungusha sana. Hesabu ya asilimia inamaliza yote hayo: 50 matumizi ya lazima, 30 mengineyo, 20 akiba. Na kikumbusho unaweka tu kwenye kalenda ya simu, tarehe 25 kila mwezi, irudie. Dakika mbili umemaliza.

---

Daftari_la_Ilemi

Kaka, asilimia inafaa kwenye akiba tu, maana akiba haina mtu anayekudai tarehe fulani. Mwenye nyumba hakudai asilimia. Mshahara ukipungua kwa theluthi, kodi yako haipungui hata shilingi. Nusu ya 620,000 ni 310,000, na kwa mwezi wa Septemba kodi, chakula na ada peke yake ni 427,500. Mfano wako umekwama kabla hata ya nauli.

Na hiyo tarehe 25 ndiyo inayoharibu kuliko yote. Mshahara hauna tarehe moja. Mwezi mmoja unaingia 22, mwingine 26, Desemba waajiri wengi hulipa kabla ya Krismasi. Kikumbusho kikilia kabla ya pesa, unakizima na kukisahau. Kikilia siku tatu baada ya pesa, unagawa mabaki. Tena ukikizima mara mbili mfululizo, mara ya tatu mkono unakizima wenyewe.

---

Msimbo_wa_Mafinga

Hapo naingia mimi. Usitegemee tarehe, tegemea meseji ya benki. Kwenye simu ya Android kuna programu inaitwa MacroDroid. Unatengeneza kanuni moja: kichochezi ni `SMS Received`, kitendo ni `Display Notification` chenye maandishi yako ya kugawa. Meseji ya mshahara ikiingia, kikumbusho kinatokea sekunde hiyohiyo.

Maneno ya kutafuta kwenye meseji usiyabuni. Fungua meseji za benki za miezi mitatu iliyopita, ziweke za mshahara upande mmoja na za watu waliokutumia pesa upande mwingine, kisha tafuta neno lililopo kwenye zile za mshahara tu. Kila benki na kila mwajiri ana maandishi yake. Halafu angalia pia meseji za matangazo. Watu wanaweka neno "mshahara" peke yake, benki inatuma tangazo la mkopo wa mshahara tarehe 12, kikumbusho kinalia. Funga kwa vitu viwili kwa pamoja: jina la mtumaji, na neno ambalo haliwezi kuwa kwenye tangazo, kwa mfano jina la mwajiri kama linavyoandikwa kwenye muamala.

Jambo la pili, simu zetu hizi za Tecno, Infinix na Itel zina tabia ya kuua programu zinazofanya kazi chinichini ili kutunza chaji. Unaijaribu jioni inafanya kazi, baada ya siku nne imekufa na wewe hujui. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu isizimwe, na kwenye orodha ya programu zilizo wazi ifunge kwa kufuli kidogo kile ili "safisha yote" isiiguse. Namna ya kujua kama iko hai: tengeneza kanuni ya pili inayokuonyesha neno moja kila Jumatatu asubuhi. Jumatatu ikipita kimya, imeuawa.

---

BintiRungwe

Samahani kaka Msimbo, hiyo programu si itakuwa inasoma meseji zangu zote? Pamoja na zile namba za siri za mara moja wanazotuma benki?

---

Msimbo_wa_Mafinga

Ndiyo dada, ukiipa ruhusa ya meseji inaweza kuziona zote. Mtu akikuambia haiwezi, anakudanganya. Kwa hiyo usiipakue kwa kiungo cha kutumiwa kwenye kundi la WhatsApp, ichukue Play Store tu, na simu inayopokea namba za siri za benki yenye pesa nyingi ni bora usiiwekee kabisa. Njia nyepesi zaidi ni kuweka mlio wa meseji wa pekee kwa mtumaji huyo wa benki, mlio usiofanana na mwingine wowote, na karatasi ya kugawa unayo tayari. Haiandiki chochote, haisomi chochote, ila sikio linajua. Mwenye simu ya kitochi anaweza kufanya hivyo pia kama simu yake inaruhusu mlio kwa mtu mmoja.

---

Kihesa_Juu

Sasa si uende benki ukaombe agizo la kudumu, pesa ihame yenyewe kwenda akaunti nyingine? Habari ya kukumbushwa inaisha kabisa.

---

Daftari_la_Ilemi

Hilo ni wazo zuri kwa akiba na ada, nakubaliana nawe. Kasoro yake ni kwamba nalo lina tarehe. Ukiweka 25 na mshahara ukachelewa hadi 27, agizo linakuta akaunti tupu na linagonga mwamba. Benki nyingine hukata na faini juu yake. Ukiweka 28 ili uwe salama, pesa imekaa siku nne mbele ya macho. Na kiasi chake hakibadiliki mpaka urudi kujaza fomu, wakati umeona kodi inaanza 120,000 halafu inashuka 60,000. Uliza tawini kwako mambo mawili: likishindwa wanajaribu tena au wanaliacha, na kushindwa kunakatwa kiasi gani.

---

Kadogo_Soweto

Wakuu mambo mengi. Wekeni faili tu tunakili.

---

Daftari_la_Ilemi

Haya Kadogo, fungua Google Sheets. Seli B1 ni mapato ya leo. Mstari wa 2 ni vichwa vya habari. Kuanzia mstari wa 3: safu A jina la bahasha, B kinachotakiwa chote, C kilichopo tayari, D mishahara iliyobaki ukihesabu na wa leo, E inayodaiwa leo, F weka leo.

```
E3:  =CEILING((B3-C3)/D3,500)
F3:  =MIN(E3,$B$1)
F4:  =MIN(E4,$B$1-SUM(F$3:F3))
```

F4 unaivuta chini kwa bahasha zote zilizobaki, na E3 unaivuta kwa kodi na ada. Mstari wa chakula usitumie hiyo ya E, andika siku mara 6500. Akiba andika kiasi chenyewe. Ile 500 mwishoni inapandisha hesabu hadi mia tano inayofuata, maana hakuna atakayekuwekea 74,667 kwenye bahasha.

Kazi ya safu F ni hii: inajaza bahasha ya juu kwanza, kinachobaki kinashuka kwa inayofuata. Pesa ikiisha katikati, zilizo chini zinasoma sifuri. Kwa hiyo mpangilio wa mistari ndio uamuzi wenyewe. Mimi naweka kodi, chakula, ada, akiba.

Makosa mawili mtakayokutana nayo. La kwanza, mtu anaandika mapato "620,000/=" kwa mazoea. Jedwali linayachukua kama maneno, si namba. Utajua kwa sababu F3 itaonyesha kodi kamili kana kwamba mambo ni shwari, halafu F4 kwenda chini yote yanaandika `#VALUE!`. Andika 620000 bila chochote. Namba hukaa kulia mwa seli, maneno hukaa kushoto. Hiyo inatosha kutambua. La pili, ukishalipa kodi ukasahau kuweka idadi mpya ya mishahara, D inabaki sifuri na unapata `#DIV/0!`. Hilo ni zuri kwako, linakukumbusha kuanza mzunguko mpya.

---

BintiRungwe

Kaka Daftari nimeijaribu na kuna kitu hakijakaa sawa. Nimeweka mwezi ambao posho haikutoka, mapato 430,000. Ni Oktoba, siku za chakula 31 hivyo 201,500. Kodi 120,000 imejaa, chakula kimejaa, ada imepata 108,500, akiba sifuri. Sawa. Ila sasa nauli ya kwenda kazini iko wapi? LUKU? Jedwali limegawa hadi shilingi ya mwisho na mtu hana daladala ya Uyole hadi mjini kesho asubuhi. Atafungua bahasha gani? Ya ada, kwa sababu ndiyo haina mtu wa kulalamika leo.

---

Daftari_la_Ilemi

Hoja nzito dada, na ni kweli mfano wangu ulitegemea mabaki. Mabaki yapo mshahara ukiwa kamili tu. Ongeza mstari wa nauli na LUKU, tuseme 70,000, juu ya ada. Kwa mapato yako ya 430,000 inakuwa: kodi 120,000, chakula 201,500, nauli na LUKU 70,000, ada inapata 38,500 iliyobaki, akiba sifuri.

Sasa tazama faida ya ile safu C. Septemba ada ilipata 112,500, Oktoba 38,500, jumla 151,000. Bado 299,000 na mishahara miwili, Novemba na Desemba. Jedwali lenyewe litakuambia Novemba ada inadai 149,500. Halisemi 112,500 ya zamani na kukuacha ugundue pengo tarehe 9 Januari. Unajua miezi miwili kabla, na miezi miwili inatosha kwenda shuleni kuomba kulipa kwa awamu. Ukienda siku ya kufungua utakuta foleni ya wenye shida kama yako.

---

GuniaLaViazi (Uyole)

Ndaga wakuu. Mimi nauza viazi, napeleka Dar. Nikipokea 1,400,000 ya mzigo niziweke bahasha gani? Hizi hesabu zenu nimejaribu, baada ya wiki mbili nimekosa pesa ya kununua mzigo mwingine. Naona hizi bahasha ni za watumishi.

---

Daftari_la_Ilemi

Mzee wangu, hiyo 1,400,000 si mapato, ni mauzo. Ukiigawa yote umegawa mtaji. Kabla ya bahasha yoyote toa bei uliyonunulia shambani, magunia, vibarua wa kupakia, usafiri na ushuru. Kama vyote vilikula 1,180,000, basi kilichoingia ni 220,000 na hicho ndicho unachoandika B1. Ile 1,180,000 irudi kwenye laini au akaunti ya biashara kabla hujafungua jedwali.

Kwako wewe kikumbusho kisitegemee meseji ya pesa kuingia, maana itakuwa inalia kwa kila mteja anayelipa nusunusu. Kitegemee mzigo kufungwa hesabu. Na safu D huwezi kuhesabu mishahara, hesabu mizigo unayotegemea kabla ya siku ya kodi, halafu punguza miwili au mitatu kwa ajili ya barabara kuharibika na bei kuanguka.

---

GuniaLaViazi

Na mzigo ukipata hasara?

---

Daftari_la_Ilemi

Siku hiyo B1 ni sifuri na huweki chochote. Ndiyo maana nimesema punguza idadi ya mizigo. Ila mtaji uliopungua unajazwaje, hilo ni somo la uzi mwingine kabisa.

---

Mwalimu_Ipogolo (Iringa)

Nimesoma yote. Mnieleze kuhusu chakula, maana ndugu aliahidi kurudi na hajarudi.

---

Daftari_la_Ilemi

Kweli mwalimu. Chukulia mshahara wa Desemba umeingia 19, na wa Januari utaingia 24. Hizo ni siku 36. Mtu aliyezoea kuweka 195,000 ya siku 30 chakula chake kinaisha 18 Januari, na siku sita zilizobaki, 39,000, zinatoka kwenye ada au kwenye mkopo wa simu. Akihesabu siku anaweka 234,000 tangu mwanzo. Kwa Desemba hiyo inakuwa hivi: kodi imeshuka 60,000, chakula 234,000, nauli na LUKU 70,000, ada 112,500, akiba 40,000, jumla 516,500. Kwenye 620,000 zinabaki 103,500 za sikukuu. Ndizo hizo tu. Nguo za watoto, kuku na safari ya Kyela vyote vinatoka humo.

Kuhusu kuitumia: siku 30 za 6,500 usiziweke bahasha moja. Zikate kwa wiki: bahasha nne za 45,500 na moja ndogo ya siku mbili, 13,000. Andika siku ya kufungua juu ya kila moja. Bahasha ya wiki ikiisha Ijumaa badala ya Jumapili unajua siku hiyohiyo kwamba kuna kilichopanda bei. Bahasha moja ya mwezi itakuambia tarehe 20 wakati hakuna cha kufanya.

---

Mwalimu_Ipogolo

Asante. Ila kwa huku kwetu mimi napinga kula kwa wiki mwaka mzima. Mahindi huvunwa kati ya Juni na Agosti, bei inakuwa chini. Ukinunua kidogokidogo hadi Februari na Machi unanunua wakati ghala za watu zimeisha. Mwenye familia anunue magunia ya kilo 100 Julai au Agosti, na mchele wa Mbarali au Kyela baada ya mavuno yake. Hapo pesa ya siku inabaki mboga, mafuta, nyama na mkaa.

---

Daftari_la_Ilemi

Inakubalika, ila igeuze kuwa bahasha inayojitegemea, "ghala", inayohesabiwa kama ada: kinachotakiwa Julai, mishahara iliyobaki. Magunia matatu, tuseme 70,000 kila moja pamoja na usafiri, ni 210,000. Ukianza Januari ni mishahara sita hadi Juni, 35,000 kila mmoja. Baada ya kununua, punguza kiwango cha siku, mfano kutoka 6,500 hadi 5,000. Usipokipunguza umelipia unga mara mbili. Na weka ndani ya hesabu mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi wakiingia kwenye gunia la kawaida hiyo nafuu ya bei inaliwa na wao.

---

BintiRungwe

Na Juni, Julai mkaa unakwenda mbio jamani. Huku Tukuyu baridi na mvua, jiko haliwezi kuzimwa. Kiwango cha siku cha Oktoba hakitoshi Julai.

---

Kadogo_Soweto

Bahasha za karatasi kabisa au za kwenye simu?

---

Msimbo_wa_Mafinga

Changanya. Kodi na ada ni pesa kubwa inayokaa miezi, haifai kulala chini ya godoro. Iache benki kwenye akaunti ya pili isiyo na kadi. Chakula na nauli toa taslimu, tena toa zote mara moja. Makato ya kutoa kwa wakala yanakwenda kwa ngazi za viwango, kwa hiyo kutoa 40,000 mara nne kunakugharimu zaidi ya kutoa 160,000 mara moja. Makato hayo yatoe kwenye B1 kabla ya kugawa: kama kutoa na kuhamisha kutakula 6,000, andika 614000. La sivyo bahasha ya mwisho siku zote itapungua na hutajua kwa nini.

Tahadhari nyingine ya simu. Laini yenye deni la ile huduma ya kukopeshwa ukimaliza salio, usiitumie kupokea bahasha. Pesa ikiingia tu inakatwa deni kwanza. Unahamisha 45,500 ya chakula, unakuta 31,000. Lipa deni lote au tumia laini nyingine.

---

Mwalimu_Ipogolo

Kingine. Akiba umeiweka mwisho kabisa. Kwa mpangilio huo, kila mwezi wa shida akiba ni sifuri, na kwa watumishi wengi kila mwezi ni wa shida. Mimi nasema akiba iwe mstari wa kwanza, hata 10,000, kisha kodi.

---

Daftari_la_Ilemi

Mwalimu, akiba kabla ya kodi maana yake unaweka 40,000 benki halafu mwenye nyumba anakuja Desemba unaitoa. Imezunguka tu na kukatwa makato ya njiani.

---

Mwalimu_Ipogolo

Nimesema 10,000, sikusema 40,000. Na aiweke mahali pasipotoka kwa kidole kimoja. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS kwa mfano, ukitaka kutoa unasubiri siku za kazi kadhaa. Kusubiri huko kunazuia mengi.

---

BintiRungwe

Nakaa na mwalimu kwenye hili. Kwenye jedwali langu nimeweka akiba mistari miwili, 10,000 juu kabisa na 30,000 chini kabisa. Mwezi wa 430,000 imenipa 10,000 na ada ikashuka hadi 28,500.

---

Daftari_la_Ilemi

Na Novemba ada itakudai 154,500 badala ya 149,500. Ukiimudu hiyo tofauti, sina neno. Mimi bado naiacha chini.

---

Kihesa_Juu

Nimefuta ile ya tarehe 25, nimeweka mlio wa benki. Swali moja: mimi na mama watoto wote tunapokea mshahara, yeye 22, mimi 27. Jedwali moja au mawili?

---

Msimbo_wa_Mafinga

Jedwali moja mnaloshirikiana, kila mmoja alifungue kwenye simu yake. Safu D hesabu mishahara yenu wote wawili: kama kodi iko mbele miezi mitatu, iliyobaki ni sita. Chakula wekeni kwa anayepokea 22, kwa siku hadi 22 inayofuata, asiwepo wa pili kukigusa. Na anayegawa akishamaliza, ajumlishe alichoweka kwenye safu C jioni ileile. Asipofanya hivyo, tarehe 27 wewe utaona ada bado inadai zote, utaweka mara mbili, na chakula cha wiki ya mwisho kitakuwa kimekaa kwenye akaunti ya shule.